Sentensi ya Kwanza, Mjukuu Wangu

Kaa hapa kwenye kigoda, mjukuu wangu, upande huu wenye kivuli. Jibu lako nimelisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa miwani, mara ya pili bila miwani maana macho yalikuwa yamechoka, na mara ya tatu nikakuomba unisomee mwenyewe kwa sauti, nikakuona unasita palepale nilipositia mimi. Usinune. Nimesahihisha madaftari kwa miaka 34, hapa bondeni na kule juu milimani, na kosa hili ni kama mtu wa nyumbani kwangu. Linaingia bila kubisha hodi.

Swali nililokupa lilikuwa hili: “Eleza mchango wa biashara ya misafara katika kudhoofika kwa dola ya Kilindi baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai.”

Nililichagua kusudi. Wewe umezaliwa Mazinde, na Mazinde hii unayoiona leo, ya mkonge na lami na mabasi ya Arusha yanayotupita kama hatupo, ndiyo aliyokaa Semboja. Baba yake, Kimweri, alitawala kutoka Vugha, huko juu penye ukungu. Mmisionari Krapf alipofika Vugha mwaka 1848 alimkuta Kimweri akiwa mfalme mwenye nguvu. Miaka ya 1860 Kimweri akafariki, na kiti kikachukuliwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja hakuridhika. Yeye alikuwa huku chini, njia ya misafara ikimpita mlangoni, pembe za ndovu zikishuka pwani na bunduki zikipanda bara. Mwenye bunduki akawa na sauti kuliko mwenye kiti. Vita vikapigwa, na mwishowe Semboja akamkalisha mwanawe kwenye kiti cha Vugha huku yeye mwenyewe akibaki hapahapa Mazinde. Habari hizi unazijua, nimekusimulia tangu hujaanza shule. Kwa hiyo sikuwa nakupima kama unaijua historia. Nilikuwa nakupima kama unaweza kulipokea swali.

Sasa tazama ulivyoanza, safari ya kwanza: “Katika insha hii nitaeleza mchango wa biashara ya misafara katika kudhoofika kwa dola ya Kilindi baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai.” Umeongeza maneno manne yako mwanzoni, mengine yote ni yangu. Msahihishaji swali analo mezani, amelisoma tangu asubuhi, na pengine lako ni daftari la mia na kitu. Ukimrudishia maneno yake hajui bado kama umeelewa au umenakili tu, kwa kuwa hata asiyejua Kilindi ni nini angeweza kuyanakili vilevile. Wale vijana wanaofanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS ili waende kusoma ng'ambo wanaambiwa wazi kabisa kwamba maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye swali hayahesabiwi. Huku kwetu hatusemi hivyo kwa ukali, lakini mkono unaosahihisha unafanya hesabu ileile kimyakimya.

Nilikurudishia, ukaenda, ukaja na hii: “Biashara ya misafara ndiyo iliyosababisha kuanguka kwa dola ya Kilindi.” Ukatabasamu. Ulidhani umepata, kwa sababu hukunakili. Mimi ndipo nilipochoka hasa. Anayenakili amenipa swali langu likiwa zima. Wewe ulinipa swali jingine, kisha ukalijibu hilo kwa kurasa mbili na nusu.

Twende polepole. Angalia neno “mchango”. Mchango ni fungu. Tukichangishana msibani kila mtu anatoa chake na hakuna anayesema msiba wote kaubeba yeye. Swali linaposema mchango, linakubali kimoyomoyo kwamba kulikuwa na mambo mengine: ugomvi wa urithi wenyewe, Wabondei kuwaasi Wakilindi, na mengine. Wewe ulipoandika “ndiyo iliyosababisha” ukayafukuza yote hayo uwanjani. Na hilo limefanywa na kiungo kidogo sana cha lugha yetu, hiki “ndi-”. Ukisema “mvua imeharibu mahindi”, huenda na nguruwe pori walipita. Ukisema “mvua ndiyo iliyoharibu mahindi”, nguruwe umewaachia huru. Wanafunzi wanaipenda “ndi-” kwa kuwa inaipa sentensi uzito. Uzito inao kweli, ila ni uzito wa madai, na madai hayo utatakiwa uyathibitishe.

Neno la pili ni “kudhoofika”. Umeweka “kuanguka”. Mgonjwa aliyedhoofika na maiti hawalazwi chumba kimoja, mjukuu wangu. Wakilindi hawakuisha baada ya Semboja. Mjerumani aliwakuta, Mwingereza akatawala kupitia wao, na watu walio hai bado wanamkumbuka mtawala wa Kikilindi. Kwa hiyo sentensi yako haikubadili maana tu, imekuingiza kwenye jambo ambalo huwezi kulithibitisha. Ulipofika ukurasa wa pili nikakuona unahangaika kutafuta siku dola ilipoanguka, na siku hiyo hukuipata.

La tatu, uliacha “baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai”. Uliniambia ulitaka sentensi iwe fupi. Lakini hayo ndiyo maneno ya mpaka, kama jiwe la shamba. Ukiling'oa unalima hadi kwa jirani, na kweli ulilima: aya yako ya kwanza nzima ni habari za Kimweri akiwa hai, ushuru wake na ukubwa wa nchi yake. Aya nzuri, imeandikwa vizuri, na haina alama hata moja kwa swali hili.

Nikakufanyia jaribio ambalo nimelifanya miaka mingi, na bado sijaona linaloshinda hilo. Ulikwenda nalo kijiweni pale barabarani, kwa yule kijana wa bodaboda aliyeishia darasa la saba. Ukamsomea sentensi yako peke yake, swali ukalificha, ukamuuliza: unadhani mwalimu aliuliza nini? Akakujibu bila kufikiri, “Si mmeulizwa kitu gani kiliiangusha Kilindi.” Umeona? Yeye hana kosa. Amesoma kilichoandikwa. Sentensi ya kwanza iliyosimama sawasawa, ukiificha karatasi ya maswali, inakurudishia swali lilelile, mipaka yake ikiwemo. Kinachorudi kikiwa kidogo kuliko swali, umepunguza. Kinachorudi kikiwa kikubwa, umeongeza. Na kikirudi neno kwa neno, umenakili.

Sasa kazi yenyewe inafanywaje? Mimi huanza kwa kuyapa maneno ya swali makundi mawili kwa penseli. Kundi la kwanza ni maneno yasiyoguswa. Majina: Kilindi, Kimweri ye Nyumbai. Haya hayana kisawe, na anayejaribu kuyapamba huishia kuandika “mfalme yule mashuhuri wa milimani”, msahihishaji akabaki anajiuliza ni yupi. Pamoja na majina weka istilahi, yaani maneno ambayo somo limeyapa kazi maalumu. Hapa “dola” ni mojawapo, usiigeuze kuwa “kabila”. Hata “misafara” iache, maana ukisema “biashara ya masafa marefu” umeshapanua, ijapokuwa hapo sitakugombeza sana.

Kwenye fasihi ndiko watoto wanakoangamia kwa jambo hili. Swali linauliza dhamira, mtoto anaandika ujumbe, kwa kuwa alifundishwa asirudie neno. Chukua tamthiliya ya Ngoswe, ya marehemu Edwin Semzaba. Ngoswe katumwa kijijini kuhesabu watu, akatekwa na pombe na penzi la Mazoea, mwisho karatasi za sensa zikaishia motoni. Uzembe kazini ni dhamira. Kwamba anayechanganya kazi na anasa huiharibu kazi aliyotumwa, huo ni ujumbe. Na mwandishi anasimama upande gani katika jambo hilo, huo ni msimamo. Mtu akiulizwa dhamira nne akaleta jumbe nne, mwalimu mwenye huruma atatafuta dhamira ndani yake, na asiye na huruma atageuza ukurasa. Kurudia istilahi si kunakili. Seremala harudishi nyundo dukani kwa kuwa jana aliitumia.

Kundi la pili ni maneno yanayoweza kuguswa: vitenzi, nomino za kawaida, mpangilio wa sentensi. Hapo Kiswahili kimetupa mkono mpana kuliko tunavyoutumia. “Kifo cha Kimweri” unaweza kukifungua kikawa “Kimweri alipofariki”. “Kudhoofika” unaweza kuligeuza kuwa “kupungukiwa nguvu”. Unaweza kuanza na wakati badala ya kuanza na sababu. Lakini angalia mnyambuliko. Swali linasema “kudhoofika”, kauli ya kutendeka: jambo limetokea, na aliyelifanya hatajwi. Ukiandika “dola ilidhoofishwa na biashara ya misafara”, umempata mtenda na umempa kesi yote. Herufi chache tu, na mchango umeshakuwa hukumu. Kadhalika “hu-”. Swali likisema “waandishi hutumia”, ni mazoea. Ukisema “waandishi wametumia”, ni tukio. Mara nyingine haidhuru. Mara nyingine swali zima limesimama juu ya silabi hiyo.

Nikakuandikia ya kwangu nyuma ya daftari lako: “Kimweri ye Nyumbai alipofariki, dola ya Kilindi ilianza kupungukiwa nguvu, na biashara ya misafara ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta upungufu huo.” Nilijiona mwalimu. Wewe ukaiangalia, ukakuna kichwa, ukaniuliza: “Babu, swali limesema ilianza?”

Sikukujibu mara moja. Niliinuka nikajifanya naangalia mbuzi.

Ulisema kweli. Swali linasema dola ilidhoofika baada ya kifo. Halisemi kwamba udhaifu ulianza hapo. Huenda ufa ulikuwepo Kimweri akingali hai, mzee, wanawe wakiwa wamekabidhiwa nchi huku na huku, kila mmoja na eneo lake. Mimi kwa “ilianza” nimeongeza dai la historia ambalo hakuna aliyeniuliza. Na mtu mwenye miaka 34 ya chaki mkononi ameliongeza bila kujua, kwa sababu tu sikio lake liliona sentensi inapendeza hivyo. Ndiyo maana nakuambia tuwe na subira na jambo hili. Halikosewi na wajinga tu.

Tukaisahihisha pamoja: “Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki, dola ya Kilindi ilipungukiwa nguvu, na biashara ya misafara ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta upungufu huo.” Ihesabu, ni maneno 22. Majina yamebaki. “Misafara” imebaki. “Miongoni mwa mambo” inabeba “mchango”. “Kupungukiwa nguvu” inabeba “kudhoofika” bila kumwua mtu. Mpaka wa wakati umetangulia mbele badala ya kuja nyuma. Ukaenda tena kijiweni, na kijana yule akasema, “Mmeulizwa biashara ilisaidia vipi kuidhoofisha Kilindi, huyo mzee alipokufa.” Hakutumia neno “mchango”, lakini “ilisaidia” inatosha kwa mtu aliyekaa juu ya pikipiki.

Nilikusikia ukisema kwamba rafiki zako huanza kwa “Miaka iliyofuata kifo cha Kimweri ilishuhudia kudhoofika kwa dola”. Wamwachie mtangazaji wa redio hiyo. Miaka haina macho. Na wengine huanza na maana: “Biashara ni kitendo cha kubadilishana bidhaa au huduma.” Hapa nisiwe mkali kupita kiasi, kwani kuna walimu wanaofundisha hivyo, na kuna miongozo ya kusahihishia inayotoa alama kwa maana ya maneno muhimu. Basi iweke, lakini iweke sentensi ya pili, baada ya kuonyesha kwamba umelielewa swali. Na ufafanue kinachohitaji kufafanuliwa. Hakuna mtu Mazinde asiyejua biashara. Misafara ile ya wapagazi ndiyo inayohitaji maelezo.

Liko neno moja sijaligusa, lile la mbele kabisa: “Eleza”. Huwezi kuliandika kwenye jibu, lakini lazima lisikike humo. Swali la “eleza” limeshakubali kwamba mchango ulikuwepo, linataka ulivyokuwa, kwa hiyo sentensi yetu inaukubali na kupita. Lingesema “thibitisha”, tungeukubali na kuushika kwa nguvu zaidi. Lingesema “jadili”, hapo sentensi ileile ingekuwa kosa, kwa sababu ingetoa hukumu kabla ya baraza kukaa. Kwa “jadili” ningekushauri useme hivi: “Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki, dola ya Kilindi ilipungukiwa nguvu, na biashara ya misafara imetajwa miongoni mwa mambo yaliyoleta upungufu huo, ingawa haikuwa peke yake.” Umeona mlango ulivyoachwa wazi? Ukitaka kuleta ugomvi wa urithi katikati ya insha, una pa kupitia.

Utaniuliza, yote haya kwa sentensi moja? Shule nilizofundisha tulikuwa tukigawa alama 15 za insha namna hii: hoja sita, alama mbili kila moja, na tatu zilizobaki kwa utangulizi na hitimisho. Kwa hesabu hiyo sentensi ya kwanza haifiki hata alama moja. Lakini mimi sikuwahi kumwona mtoto aliyegeuza swali kwenye sentensi ya kwanza kisha akapata hoja zote sita. Hoja hufuata sentensi kama mabehewa. Wewe mwenyewe ulipoandika “kuanguka”, hoja yako ya tatu ilikuwa “Wajerumani waliimaliza dola”. Hiyo misafara imehusikaje? Haikuhusika. Ilivutwa na “kuanguka”.

Kwa hiyo dakika tano za kwanza usiandike kitu kwenye karatasi ya majibu. Wenzako watakuwa wameshafika aya ya pili, kalamu zinakwaruza, na wewe utaona aibu. Ona aibu, lakini kaa. Piga mstari chini ya majina na istilahi. Zungushia duara neno la kupimia, kama mchango, kikuu, baadhi, tu, kwa kiasi gani. Weka alama ya mpaka palipo na wakati, mahali au idadi. Halafu andika sentensi yako pembeni kwa penseli, funika swali kwa mkono, ujifanye yule kijana wa bodaboda. Umeulizwa nini? Likirudi lilelile, chukua kalamu.

Leo nimechoka, na jua limeshageukia Mkomazi. Nenda kamsaidie bibi yako kuni. Lakini kesho, kabla sijashuka shambani, niletee sentensi moja tu, nasema moja, ya swali hili: “Jadili kwa kiasi gani kilimo cha mkonge kilibadili maisha ya wakazi wa bonde la Mkomazi wakati wa utawala wa Waingereza.” Usiniletee insha. Na kabla ya kuja kwangu, pitia kijiweni.